Bei ya kukomea na mpangilio wa kulegeza unaponunua maharage kwa gunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye maduka ya nafaka na mama lishe wa Moshi na Arusha wanaonunua maharage kwa gunia na kuyauza au kuyapika kidogo kidogo. Mfano mmoja unapita katika ukurasa wote: duka dogo la Pasua, Moshi, linalotafuta maharage katika soko la Mbuyuni. Bei zilizotumika ni za kufanyia hesabu tu, kwa kuwa maharage hupanda na kushuka kwa msimu. Weka zako mahali pake.

Bei ya kukomea ni nini, na inatofautianaje na bei ninayoitaka?

Bei ya kukomea ni kiwango ambacho, kikipitwa hata kwa shilingi mia tano, ni heri kwako kuondoka kuliko kununua. Bei unayoitaka ni ile ambayo ungefurahi kuipata, na bei ya kuanzia ni ile unayoitamka mara ya kwanza. Wengi huenda sokoni na moja tu kati ya hizo tatu kichwani, kwa kawaida ile wanayoitaka, na wakishaikosa hawana tena kitu cha kuwazuia, hivyo hukubali chochote kinachosemwa na muuzaji kwa sauti ya upole. Bei ya kukomea ndiyo pekee inayotokana na hesabu, na ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye daftari kabla ya kutoka nyumbani.

Ninaihesabu vipi?

Anza na pesa itakayoingia, kisha urudi nyuma. Tuseme kilo moja unaiuza shilingi 3,000 na gunia lina kilo 100 zilizopimwa kwenye mizani. Ukishachambua mawe, takataka na punje zilizopasuka, na ukihesabu pia kile kidogo kinachopotea kila unapopima kilo moja moja, tuseme zinabaki kilo 96 za kuuza. Mapato ya gunia ni shilingi 288,000.

Toa sasa gharama zinazolihusu gunia hilo. Kuli wa kubeba na kupakia ni 2,000. Bajaji hadi dukani ni 12,000 kwa magunia manne, yaani 3,000 kwa gunia. Mifuko ya karatasi ni 3,000. Sehemu ya kodi ya fremu na umeme kwa siku ambazo gunia litakaa dukani tuiweke 12,000. Jumla ni 20,000. Toa pia faida ambayo chini yake hakuna sababu ya kusumbuka, tuseme 20,000. Kinachobaki ni 248,000, na hicho ndicho kikomo cha kwanza.

Kipengele cha kodi ndicho kinachorukwa mara nyingi, kwa hoja kwamba kodi ingelipwa tu hata bila maharage. Ni kweli, lakini kila bidhaa dukani ikisamehewa kwa hoja hiyo, mwisho wa mwezi hakuna iliyolipa.

Kwa nini imeitwa kikomo cha kwanza? Kuna cha pili?

Kipo, na mara nyingi ndicho kinachotawala. Kikomo cha kwanza kinakuambia gunia lina thamani gani kwa duka lako. Cha pili kinakuambia utalipata kwa kiasi gani kwingine. Tuseme asubuhi umempigia muuzaji wa Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, naye amesema ana maharage ya aina hiyo hiyo kwa 234,000, pesa taslimu. Usafiri kutoka kule unazidi ule wa Mbuyuni kwa 8,000 kwa gunia, na gharama ya kuli ni ile ile. Maana yake gunia la Kwa Sadala litakugharimu sawa na gunia la Mbuyuni la 242,000.

Unachukua kikomo kilicho kidogo. Ukilipa 246,000 Mbuyuni bado utapata faida yako ya 20,000 na zaidi kidogo, lakini utakuwa umetupa 4,000 kwa kila gunia, kwa sababu mlango mwingine ulikuwa wazi. Kama hakuna aliyekujibu simu siku hiyo na duka limebaki tupu, kikomo chako ni 248,000, na usijidanganye kwamba kipo cha chini zaidi.

Sharti ni kwamba huyo mwingine awe wa kweli. Bei uliyoisikia kwa jirani juma lililopita haihesabiki. Piga simu siku ile ile, uliza uzito, aina, na kama mzigo bado upo.

Kikomo kiwe kwa gunia au kwa kilo?

Kiandike kwa gunia ukipenda, lakini kitetee kwa kilo. Kikomo cha 242,000 kwa kilo 100 ni shilingi 2,420 kwa kilo. Mimi mwenyewe niliwahi kubishana na kijana mmoja karibu nusu saa, nikashusha gunia hadi chini kabisa ya kikomo changu, nikaondoka nikijiona mjanja. Dukani mizani ikasoma kilo 92. Kikomo halali cha gunia lile kilikuwa kama 222,600, na mimi nilikuwa nimelipa 238,000. Nusu saa nzima nilibishania shilingi, na yeye alikuwa ameshamaliza kazi yake kwenye kilo kabla sijafika.

Kinyume chake ni lumbesa, gunia lililojazwa na kushonewa kilemba juu. Sheria ya vipimo inaikataza, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Muuzaji akikwambia "bei ni hiyo, lakini nimekujazia", mwombe tu mpime kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, kisha mzungumze kwa kilo. Maneno "nimekujazia" hayana mahali pa kuandikwa kwenye daftari.

Bei ya kuanzia niiweke umbali gani kutoka kwenye kikomo?

Iwe chini kiasi cha kukuacha na nafasi ya kupanda mara tatu au nne, lakini isiwe ya kumfanya muuzaji akugeuzie mgongo. Katika mfano wetu muuzaji ametaja 265,000 na sisi tunaanza na 225,000. Kiasi hicho kinaweza kutetewa kwa sababu kiko chini kidogo tu ya ile 234,000 tuliyoisikia Kwa Sadala, na anayeuliza "kwa nini hivyo?" anaweza kujibiwa. Ukianza na 180,000 huna jibu, na ukianza na 240,000 umebakiwa na shilingi 2,000 za kulegeza mbele ya mtu aliyezoea kushushiwa 20,000.

Kulegeza ni kupandisha bei tu, au kuna vingine?

Kuna vingine, na hapo ndipo mpangilio unapokuwa na maana. Kabla ya kwenda sokoni andika kila kitu unachoweza kumpa muuzaji, na mbele ya kila kimoja andika kinakugharimu shilingi ngapi kwa gunia. Kwa duka letu orodha ni fupi. Tunahitaji magunia matatu lakini tunaweza kuchukua manne, na la nne halitugharimu kitu kwa kuwa maharage yataisha kabla fukusi hawajaanza kuyatoboa. Tunaweza kumrudishia muuzaji magunia yake matupu, kwa sababu sisi tunamimina kwenye mapipa. Gunia tupu tungeliuza kama 1,000, hivyo hiyo ndiyo gharama yake. Tatu, tunaweza kulipa zote leo badala ya nusu leo na nusu Jumamosi. Kulipa zote kunatulazimu kuahirisha ununuzi wa sukari, usumbufu ambao tumeupa thamani ya 1,500 kwa gunia.

Kanuni ya mpangilio ni kutoa kwanza kile kinachokugharimu kidogo na kumfaa yeye zaidi. Kwa hiyo gunia la nne linatangulia, magunia matupu yanafuata, na pesa taslimu inakuja karibu na mwisho. Taslimu inawekwa nyuma si kwa gharama yake tu. Kwa muuzaji mwenye deni la mzigo shambani, pesa yote mkononi ndiyo inayomfanya aache kubishana, na ukiitoa mwanzoni atakushukuru, kisha ataendelea kutoka hapo kana kwamba hukutoa kitu.

Bei yenyewe inapanda sambamba na hivi vingine, kwa hatua zinazopungua: 6,000, kisha 4,000, kisha 2,000, kisha 1,000. Hatua zinazopungua zinamwambia muuzaji, bila wewe kusema, kwamba chungu kinakaribia kukauka. Hatua zinazolingana, yaani 4,000 kila mara, zinamwambia kwamba ya tano ipo njiani, na ana haki ya kuisubiri.

Je, nikitoa kitu kingine kikomo changu cha bei kinabaki pale pale?

Hapana, na hili husahaulika. Ile 242,000 ilihesabiwa kwa kulipa taslimu na kubaki na magunia matupu. Ukiyarudisha, kikomo kinashuka hadi 241,000. Ukiruhusiwa kulipa nusu Jumamosi, kinapanda kwa 1,500. Andika vikomo hivyo mapema, kwa sababu hesabu ndogo kama hizi hazifanyiki vizuri ukiwa umesimama juani, kuli anakuuliza "tunapakia au hatupakii?"

Mazungumzo yenyewe yanakwendaje?

Nitaeleza yalivyokwenda kwa duka hili. Muuzaji ni mama wa makamo, na mnunuzi ni kijana anayeweza kuwa mwanawe. Baada ya shikamoo na marahaba, kijana aliomba bambo, akachoma gunia katikati na chini, akamimina punje kwenye ungo. Zilikuwa safi kama alivyotarajia, zile kubwa zenye madoadoa ambazo wengi huku huziita Lyamungo. Aliuma moja, ikavunjika kwa mlio bila kuacha alama ya jino, dalili kwamba ni kavu.

"Mama, magunia matatu, nusu nakupa leo, nusu Jumamosi. Nianze na laki mbili na ishirini na tano."

"Mwanangu, hiyo ni bei ya shambani. Mia mbili sitini na tano. Basi nipe hamsini na nane."

"Ukinisogezea zaidi, nachukua manne badala ya matatu. Mia mbili thelathini na moja."

Mama alishuka hadi 252,000. Kijana akasema atamrudishia magunia yote matupu jioni ile ile kama watasogea tena, akataja 235,000. Kuanzia hapo kikomo chake kilikuwa 241,000 kwa taslimu. Mama akasema 248,000. Kijana akanyamaza, akaangalia punje kwenye ungo, kisha akasema: "Mama, tukielewana nakulipa zote sasa hivi, Jumamosi ifutike. Mia mbili thelathini na saba." Mama akataja 244,000, kijana akaongeza 1,000 tu na kufika 238,000. Mama akacheka. "Arobaini, na kuli ni juu yako."

Kuli alikuwa tayari kwenye hesabu, na 240,000 ilikuwa chini ya 241,000. Akakubali papo hapo. Kutoka 288,000 ukitoa gharama za 20,000, bei ya 240,000 na 1,000 ya gunia tupu, zinabaki 27,000, wakati Kwa Sadala zingebaki 26,000. Ni tofauti ya shilingi 4,000 kwa magunia manne, si ushindi wa kutangazia mtaa, lakini ingekuwa rahisi sana kununua kwa 248,000 na kudhani mambo yamekwenda vizuri.

Tazama pia kwamba kila alichotoa kilitanguliwa na "ukinisogezea", "kama tutasogea" au "tukielewana". Kitu kinachotolewa bila sharti hupokewa kama kilikuwa haki ya mpokeaji tangu mwanzo.

Muuzaji akisema "tugawane katikati", nifanye nini?

Piga hesabu ya katikati kabla hujatikisa kichwa. Mama alipokuwa 248,000 na kijana 235,000, katikati ilikuwa 241,500, yaani 500 juu ya kikomo chake cha kulipa taslimu. Mwaliko huo unasikika kama haki tupu, lakini katikati inategemea kila mmoja amesimama wapi, na muuzaji aliyeanza juu sana ameisogeza katikati upande wake.

Ukitaka kujua mapema kama katikati itakufaa, zidisha kikomo chako mara mbili kisha utoe bei aliyosimama muuzaji. Mara mbili ya 241,000 ni 482,000; ukitoa 248,000 unapata 234,000. Ukiwa umesimama hapo au chini yake, kugawana kunakubalika. Ukiwa juu yake, sema kwa upole kwamba huwezi, kisha toa hatua yako ndogo inayofuata kama ulivyoipanga.

Naruhusiwa kubadili bei ya kukomea nikiwa sokoni?

Ndiyo, kama kilichobadilika ni kitu kilicho ndani ya hesabu. Ungo ukionyesha kwamba mzigo huu ni safi kuliko ule wa Kwa Sadala, na utapoteza kilo mbili tu badala ya nne, umepata kilo mbili zaidi za kuuza zenye thamani ya 6,000, na kikomo kinapanda kutoka 242,000 hadi 248,000. Ukiona vitundu vya fukusi kwenye punje, kishushe, au achana nao kabisa, kwa kuwa wadudu hao wataendelea kuzaana dukani kwako. Muuzaji wa Kwa Sadala akikupigia kusema mzigo umeisha, kikomo cha pili kimeondoka na unarudi kwenye cha kwanza.

Kisichobadili kikomo ni jua kali, foleni ya watu nyuma yako, nauli uliyokwishalipa, au mama kukuambia unafanana na mwanawe wa mwisho. Ukitaka kukipandisha, jiulize ni mstari gani wa daftari uliobadilika. Kama huupati, hakijabadilika.

Nitajuaje kwamba nimeanza kuharibu?

Dalili ya kwanza ni kupanda mara mbili mfululizo bila muuzaji kushuka. Hapo unapatana na nafsi yako, naye anakusikiliza tu. Nyamaza, au uliza: "Mama, wewe umefika wapi?" Dalili nyingine ni kutamka "hii ndiyo ya mwisho" kisha ukaongeza. Ukishafanya hivyo, "ya mwisho" yako itakayofuata haina uzito siku hiyo, na katika soko dogo pengine hata msimu huo. Mpaka umefika kweli kwenye kikomo, tumia maneno mengine, kama vile "hapo nimejitahidi".

Tukienda wawili?

Mkubaliane njiani nani anataja bei, na mwingine asitaje kabisa. Mwenzako akisema "chukua tu, tumechelewa" mbele ya muuzaji, ameshaitoa nafasi yote iliyobaki hadi kwenye kikomo chako. Kazi nzuri ya wa pili ni kusimamia mizani na kuhesabu hatua.

Kwa muuzaji niliyemzoea hatua zote hizi zina maana?

Hesabu inabaki ile ile, hatua zinapungua. Anza karibu zaidi, legeza mara moja au mbili, na mfunge mapatano.

Mimi ni mkulima, ndiye ninayeuza. Nigeuze nini?

Kikomo chako kinakuwa sakafu: kati ya njia zote nyingine za kuuza, chukua ile inayokuachia pesa nyingi zaidi baada ya kutoa gharama zake, na usishuke chini ya hapo. Angalia tu kwamba kwa bidhaa inayoharibika sakafu hiyo hushuka kadiri saa zinavyokwenda. Mkungu wa ndizi mshare ulioletwa kutoka Machame saa moja asubuhi una wanunuzi wengine wa siku nzima mbele yake. Saa kumi na moja jioni njia yako nyingine ni kulipia usafiri wa kuurudisha nyumbani, ukiwa umeanza kuiva. Panga basi sakafu mbili, ya asubuhi na ya jioni, kabla hujatoka shambani, na saa utakayohama kutoka moja kwenda nyingine. Maharage makavu hayana haraka hiyo, ndiyo maana mwenye stoo kavu anaweza kukuangalia ukiondoka bila kukuita.

Nikifika kwenye kikomo na hatujaelewana, naondokaje bila kuharibu uhusiano?

Mshukuru, mrudishie punje zake za kwenye ungo, na umwambie ukweli usio na idadi: "Mama, hapo sifiki, acha nizunguke." Usimtajie kikomo chako, kwa sababu kesho utarudi na atakuwa anaanzia hapo. Tembea mwendo wa kawaida. Akikuita, rudi, na mazungumzo yaendelee kutoka bei ya mwisho aliyoitaja yeye, si kutoka mwanzo. Asipokuita, usirudi baada ya dakika kumi ukiwa umeishiwa maneno. Mpigie yule wa Kwa Sadala, mwambie akuwekee manne, na umuulize kama mizani yake ina stika.